Muuguzi wa Zamu ya Usiku Ale Saa Ngapi?

Wauguzi wanaofanya zamu za usiku wanajua mengi kuhusu usingizi wa mchana. Wanajua kutundika pazia zito dirishani, kuzima mlio wa simu na kuwatuma watoto wakacheze kwa jirani. Lakini muulize mmoja wao jana usiku alikula nini na saa ngapi, atacheka. "Tunakula tukipata nafasi," atakwambia. Na nafasi yenyewe hupatikana wakati ambao tumbo halikuitarajia.

Nilizungumza na muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya umma jijini Dar es Salaam. Mtaani kwake watu wazima kwa watoto wanamwita Sista, nami nitamwita hivyo hivyo. Anaingia saa moja na nusu jioni, anatoka saa moja na nusu asubuhi, naiti nne mfululizo, kisha anapumzika. Ana watoto wawili wanaosoma shule ya msingi na mume ambaye naye huondoka alfajiri. Alichokuwa akilalamikia ni kwamba halali mchana zaidi ya saa tatu, na ikifika saa kumi alfajiri kichwa kinakuwa kizito hata hesabu za kawaida zinampiga chenga.

Alinipa mfano. Daktari ameandika dripu ya lita moja iende kwa saa nane. Seti ya wodini inatoa matone 20 kwa kila mililita. Lita moja ni mililita 1,000, kwa hiyo ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Ukigawa unapata kama matone 42 kwa dakika. Mchana hesabu hiyo anaifanya huku anatembea. Saa kumi alfajiri aliifanya mara ya kwanza, hakuiamini, akairudia kwenye karatasi, kisha akamwomba mwenzake aihakiki.

Tukakaa kuandika siku yake ilivyo, si kazi bali chakula. Alikuwa anaamka saa sita au saa saba mchana, usingizi haujaisha. Anakunywa chai kavu, anapika cha watoto, anafua, anakagua daftari za shule. Saa kumi na mbili jioni anatoka mbio kuwahi daladala bila kula, na mkobani amebeba hotpoti la wali na maharage. Anapokea ripoti kutoka kwa wenzake wa mchana, anazunguka na dawa, anapokea kina mama wenye uchungu. Saa nane usiku wodi inatulia, naye anakaa kula sahani nzima, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza anakula chakula cha maana tangu alipoamka. Saa tisa macho yanafumba. Saa kumi anafungua chupa ya enaji. Asubuhi, kituoni, kuna mama ntilie mwenye supu ya ng'ombe na chapati za moto. Anakula mbili na chai ya rangi. Saa tatu yuko kitandani, kifua kinawaka, usingizi unakuja kwa mang'amung'amu.

Hakuna kitu cha ajabu katika ratiba hiyo. Wauguzi wengi wakiisoma watadhani nimewachungulia. Tena vyakula vyenyewe ni vizuri: wali na maharage ni mlo ambao mtaalamu yeyote wa lishe angeukubali. Kinachomsumbua Sista ni saa.

Mwili una saa zake, tena si moja. Ile kubwa iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, na inafuata mwanga. Jinsi chembe hai zinavyohesabu muda zenyewe kwa zenyewe ndiyo kazi iliyowapa Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2017. Walianza kwa kuchunguza vijidudu vidogo vinavyozunguka matunda yaliyoiva. Lakini ini lina saa yake, kongosho ina saa yake, utumbo nao una yake, na hizi za tumboni hufuata chakula zaidi kuliko mwanga. Ukila saa nane usiku siku nne mfululizo, ini linaanza kuamini kwamba saa nane ni wakati wa kazi, ilhali ubongo, uliouona mwanga wa jua ukiwa kwenye daladala asubuhi, bado unashikilia kuwa usiku ni usiku. Viungo vya mwili mmoja vinaishi katika majira mawili tofauti.

Kuna jambo jingine. Giza likiingia, mwili huanza kutoa homoni ya melatonini inayotuandaa kulala. Homoni hiyo pia huipunguzia kongosho kasi ya kutoa insulini, ambayo ndiyo inayoingiza sukari ya damu ndani ya misuli na viungo vingine. Ndiyo maana sahani ile ile ya wali inayoliwa saa nane usiku huipandisha sukari juu zaidi, na kuichelewesha kushuka, kuliko ikiliwa mchana. Tumbo lenyewe nalo hukiachia chakula kizito polepole zaidi nyakati za usiku, na wengi wanaojisikia kuvimbiwa au kujaa gesi wakiwa zamu wanailaumu maharage bure.

Watafiti wa Boston, Marekani, walilijaribu jambo hili maabara na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Walichukua watu 19 wenye afya, wakawaweka katika ratiba ya kuigiza kazi ya usiku kwa siku 14. Kundi moja lilikula usiku na mchana, kama wafanyakazi wengi wa zamu wanavyofanya. Kundi jingine lilikesha vile vile lakini likala mchana tu. Kwa waliokula usiku, wastani wa sukari ya damu ulipanda kwa asilimia 6.4. Kwa waliokula mchana tu, haukupanda kwa kiasi cha kutajwa. Wote walikesha, tofauti ilikuwa saa ya sahani.

Watu 19 ni wachache, na maabara si wodi. Hakuna aliyekuwa anasukuma machela wala kumshikilia mama anayesukuma mtoto. Kwa hiyo mimi sitamwambia muuguzi afunge saa 12 akiwa kazini. Utafiti unaonifaa zaidi kwa hilo ulifanywa Australia, mjini Adelaide, ambako waliwakesheza watu na kulinganisha makundi matatu: waliokula mlo mkubwa baada ya saa sita usiku, waliokula kitafunwa kidogo, na wasiokula kitu. Mlo mkubwa ulikuwa kama theluthi ya chakula cha siku nzima. Kitafunwa kilikuwa kama sehemu moja ya kumi. Kuelekea alfajiri, wa mlo mkubwa ndio waliosinzia zaidi na kuwa wazito wa kujibu kwenye vipimo vya umakini. Wa kitafunwa walikuwa afadhali, na njaa haikuwatesa.

Ikumbukwe kwamba kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri kila mtu anashuka, awe amekula au hajala. Joto la mwili liko chini kabisa, na ubongo unadai kulala. Hakuna chakula kitakachoifuta saa hiyo. Unachoweza kufanya ni kutoizidisha, na sahani ya saa nane inaizidisha, kwa sababu kilele cha uzito wa chakula kinakutana na shimo la usingizi kwa wakati mmoja.

Tukaipanga siku ya Sista upya, tukianza na mlo mkubwa. Mlo huo tuliutoa saa nane usiku, tukauweka saa kumi na moja jioni, nyumbani, kabla hajavaa sare. Si rahisi kama inavyosikika. Familia yake hula saa mbili usiku, na mama kula peke yake kabla ya watoto kulimfanya ajione mchoyo. Suluhisho lilikuwa kupika mapema sufuria moja: yeye anakula chake cha moto, cha wengine kinabaki kwenye hotpoti lile lile alilokuwa akilibeba kwenda nalo kazini. Watoto wake, kama watoto wote, walianza kumkalia mezani saa kumi na moja wakidokoa.

Wiki ya kwanza mpango ulimshinda. Saa saba usiku njaa ilimkamata hadi mikono ikatetemeka, akakimbilia biskuti. Nilipomuuliza sahani ya jioni ilikuwaje, jibu likaonekana: kilima cha ugali, mchicha, na maharage kiasi cha kulowesha tonge. Ugali wa sembe iliyokobolewa huenda haraka tumboni. Kinachokaa ni protini na nyuzinyuzi, na kwa Dar es Salaam si lazima iwe nyama. Aligeuza vipimo: ugali ukabaki kama ngumi yake moja, maharage yakawa bakuli zima, juu yake dagaa wa kukaanga kiganja kimoja au kipande cha samaki, na mboga za majani nusu ya sahani. Siku ambazo unga wa dona unapatikana, anautumia huo. Siku nyingine anakula viazi vitamu vya kuchemsha na samaki wa nazi, na nazi haizidishi. Kwa sahani ya namna hiyo anafika saa sita usiku hajui njaa.

Mkobani sasa amebeba vitu vidogo: yai la kuchemsha ambalo halijamenywa, karanga za kukaanga zisizo na sukari kiasi cha konzi moja, ndizi mbivu moja, chupa ya maji. Wakati mwingine badala ya yai hubeba kikombe cha mtindi. Anakula hivyo mapema, saa nne au saa tano usiku, wodi ikiruhusu. Baada ya saa sita, lengo ni kutokula kitu hadi asubuhi. Lengo hilo halitimii kila usiku. Uzazi haupangiki, na mtu aliyetumia saa mbili kwenye chumba cha kujifungulia anatoka ametumia nguvu nyingi. Basi akisikia njaa ya kweli saa nane anakula yai au karanga, anaacha wali. Kigezo chake cha njaa ya kweli ni kizuri, nimekiiba: anakunywa maji glasi moja, anatembea mzunguko mmoja wa wodi kukagua watoto wachanga, na akirudi bado tumbo linaita, anakula. Mara nyingi ilikuwa ni uchovu, au tu kwamba mwenzake amefungua kopo.

Na hapo ndipo penye mtego ambao vitabu vya lishe havijui kwa sababu havijawahi kukesha wodi ya wazazi. Mtoto akizaliwa salama, ndugu wanakuja na soda na maandazi, kwa furaha ya kweli, na kukataa ni kuwavunjia heshima. Wenzako saa saba wanachangishana waagize chipsi mayai kwa bodaboda. Ni wakati pekee wa kucheka katika usiku mzima, na kujitenga nao kuna gharama yake. Sista anapokea, anashukuru, anaweka kabatini, na maandazi yanaliwa na zamu ya asubuhi, ambao miili yao iko tayari kuyapokea. Kwenye chipsi huwa anachangia na kukaa nao, anadokoa vipande vitatu vinne. Mtaalamu mkali angemkataza hata hivyo. Mimi naona vipande vinne na kicheko ni biashara nzuri.

Soda ni habari nyingine. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida ina sukari zaidi ya gramu 30, kama vijiko vinane vya chai, na ikinywewa usiku wa manane inaingia kwenye damu wakati insulini iko legelege. Inachangamsha kwa muda mfupi kisha inakuacha pale pale au chini zaidi.

Tuje kwenye enaji, chai na kahawa, kwa sababu hapa ndipo usingizi wa Sista ulipokuwa ukiibwa. Kafeini haikupi nguvu. Inachofanya ni kuziba mahali ambapo kemikali ya uchovu inapogusa ubongo, ili usiusikie uchovu uliopo. Kemikali yenyewe inaendelea kujikusanya nje ya mlango. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini uliyokunywa hutoka mwilini kwa takribani saa tano, ingawa watu wanatofautiana sana.

Chukua chupa yake ya saa kumi alfajiri. Lebo nyingi za enaji zinaandika miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina karibu miligramu 96. Saa tano baadaye ni saa tatu asubuhi, anapojifunika shuka. Bado ana miligramu 48 mwilini, zaidi kidogo ya kikombe cha chai. Na kikombe cha chai ya rangi halisi alikunywa kwa mama ntilie saa mbili kasoro, kama miligramu 40 nyingine, ambazo karibu zote bado zipo. Kwa hiyo Sista alikuwa analala akiwa na kafeini ya vikombe viwili vya chai, halafu anajiuliza kwa nini moyo unadunda. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 za kafeini, ambacho ni kiasi kikubwa kweli, zikinywewa hata saa sita kabla ya kulala zinapunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima, na mara nyingi mwenyewe hatambui kilichompunguzia.

Wanawake wanaotumia vidonge vya majira vyenye estrojeni wanahitaji kujua jambo ambalo sijalisikia likisemwa kliniki: vidonge hivyo huchelewesha kutoka kwa kafeini, karibu mara mbili ya muda wa kawaida. Mjamzito naye humchukua muda mrefu zaidi, hasa miezi ya mwisho. Chai ya saa nane usiku kwa mtu wa namna hiyo iko naye mchana kutwa.

Sista hakuacha chai. Kumwambia muuguzi wa Kitanzania aache chai ni kupoteza muda wa wote wawili. Aliihamisha: kikombe kimoja anapoanza kazi, kama saa mbili usiku, na kingine kabla ya saa saba. Baada ya hapo ni maji, au tangawizi ya kuchemsha isiyo na majani ya chai. Wodi yake inaruhusu mapumziko ya zamu kwa zamu, basi kikombe cha pili anakinywa kisha anajilaza dakika 20 akiwa ameweka kengele. Kafeini huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi, kwa hiyo anaamka wakati inaingia, na hajalala muda mrefu wa kumfanya aamke mlevi wa usingizi. Mahali ambapo utaratibu haumruhusu muuguzi kujilaza hata kidogo, hilo haliwezekani, na sitajifanya kwamba kuna chakula kinachoweza kuchukua nafasi ya zile dakika 20.

Kisha asubuhi. Supu na chapati mbili ni mlo mtamu uliokaa mahali pabaya kuliko vyote. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, mtu akilala chali tindikali inapanda kooni, na kifua kinawaka. Lakini kulala na njaa nako ni kosa. Tumbo tupu linamwamsha mtu saa sita mchana kama mtoto anayelia. Kati ya hayo mawili, Sista alipata uji. Usiku kabla ya kutoka, mumewe au binti mkubwa anaacha uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, mwepesi, wenye maziwa kidogo na sukari ya kugusia. Anakunywa kikombe kimoja kikubwa saa mbili na nusu, pengine na nusu ya ndizi, anaoga, anakaa kidogo, saa tatu na nusu analala. Uji si dawa ya usingizi, na kipande cha mkate na yai kingefanya kazi ile ile. Kinachotakiwa ni kidogo, laini, kisicho na mafuta mengi wala pilipili. Maji anayanywa kwa wingi usiku na kuyapunguza kuanzia saa kumi na moja alfajiri, ili kibofu kisimwamshe.

Nilichokipenda katika safari yote hii ni daftari. Sista ni muuguzi, anaandika kila kitu, basi kila alipoamka mchana aliandika kilichomwamsha. Baada ya naiti kadhaa daftari lilianza kusema lenyewe. Akiamka koo linawaka na mdomo una uchachu, chanzo kilikuwa mafuta ya asubuhi. Akishindwa kupata usingizi kabisa, mwili umechoka lakini mawazo yanakimbia, alikuwa amekunywa chai baada ya saa saba. Akiamka kwa haja ndogo, maji ya alfajiri. Akiamka na njaa kali, ama uji ulikuwa mdogo au sahani ya jioni iliyopita ilikuwa ugali mtupu. Na zipo siku aliamka kwa sababu fundi alikuwa anagonga bati la jirani, na hapo hakuna sahani ya kulaumiwa. Kupata usingizi wa saa sita na nusu mchana kwake sasa si ajabu, ingawa si kila siku. Usingizi wa mchana wenyewe kwa kawaida huwa mfupi kuliko wa usiku, maana joto la mwili linapanda wakati wewe unajaribu kulala. Asiyelijua hilo atajilaumu bila sababu.

Mpango huu haumfai kila mtu. Muuguzi mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi, hatakiwi kuruka mlo wala kuhamisha saa za kula kabla hajakaa na daktari wake na kupanga upya saa za dawa pia. Mikono kutetemeka, jasho baridi na kuchanganyikiwa saa nane usiku kwake ni dharura: apime sukari na anywe kitu chenye sukari, hata hiyo soda niliyoisema vibaya. Mjamzito na anayenyonyesha wale usiku wanapohitaji, kidogo kidogo. Mwenye vidonda vya tumbo mara nyingi hawezi kukaa saa nyingi bila kitu tumboni, na kahawa ya kumfukuzia usingizi inaweza kumchokoza zaidi kuliko njaa.

Na kuna Ramadhani, ambapo mpangilio mzima unageuka. Muuguzi anayefunga hana budi kula daku saa kumi alfajiri, katikati kabisa ya muda ambao nimekuwa nikiupigia kelele. Hapo mlo mkubwa unabaki kuwa futari, na kwa bahati futari inaangukia muda mfupi kabla ya kuingia kazini. Ile ndiyo sahani ya kuijaza maharage, kunde, samaki na mboga, badala ya kuimaliza kwa sambusa na kaimati. Daku iwe ya wastani na ya kukaa: mihogo ya kuchemsha, mayai, mtindi, tende chache, maji. Majani ya chai yasiwe mengi, kwa kuwa kitanda kinafuata baada ya saa chache, na mchana hakuna maji ya kunywa.

Swali la mwisho alilouliza Sista lilikuwa kuhusu siku ya kutoka naiti, ile siku ya tano ambayo kila muuguzi huivuruga. Zamani alilala hadi jioni, akala usiku wa manane, akakesha akitazama tamthilia, na mapumziko yakaisha akiwa bado yuko usiku. Sasa siku hiyo anakunywa uji wake kama kawaida, analala saa tatu na nusu, anaweka kengele saa saba mchana. Ni usingizi mfupi, na anaamka amenuna. Anatoka nje kwenye jua, anakula chakula cha mchana saa nane na watoto wanaporudi shule, hanywi chai baada ya hapo, na saa mbili usiku anakaa mezani na familia nzima. Saa nne usingizi unamchukua. Kwa kuwa hata zile siku nne milo yake mikubwa ilikuwa ya mchana na jioni, tumbo halina safari ya kurudi.